Mwongozo Kamili: Kunasa Mistari ya Ankara Iliyoingizwa Vibaya kwa Alama ya Z

Bei ya bidhaa moja imekuwa ikicheza kati ya 4,150 na 4,250 kwa ankara tisa mfululizo. Ankara ya kumi inaingia kwenye mfumo ikisomeka 42,000. Aliyeiingiza kabonyeza sifuri moja ya ziada, na mfumo haukulalamika, kwa kuwa kwake 42,000 ni namba halali kama zilivyo nyingine zote. Ukimpa mtu mistari hiyo kumi peke yake, kosa ataliona kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Mpe maelfu ya mistari ya mwezi mzima, bidhaa zimechanganyika, nyingine bei yake 15 na nyingine 900,000, hapo 42,000 inajificha kabisa. Haina ubaya wowote ikiwa katikati ya umati.

Kinachotakiwa ni kipimo kinachouliza kila mstari swali lile lile: je, uko mbali kiasi gani na wenzako wa aina yako? Hiyo ndiyo kazi ya alama ya z. Unachukua namba ya mstari, unatoa wastani wa wenzake, kisha unagawanya kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba hizo zinavyotawanyika kuuzunguka wastani wao. Jibu likiwa 0, mstari uko palepale kwenye wastani. Likiwa 1 au -1, umesogea kwa kiasi cha kawaida. Likivuka 3 au likishuka chini ya -3, inafaa kufungua jalada na kutazama karatasi yenyewe.

Hesabu ni ya dakika moja. Ugumu uko kwenye kuchagua hao "wenzake" ni akina nani, na wengi wanaosema njia hii haifanyi kazi walikosea hapo.

Kwanza tazama jinsi inavyoshindwa

Tuchukue mfano wetu. Bei tisa za nyuma ni 4,150, 4,200, 4,180, 4,250, 4,220, 4,190, 4,210, 4,230 na 4,170. Ya kumi ni hiyo 42,000. Mtu mwenye haraka anaziweka zote kumi kwenye kolamu moja, anatafuta wastani, anatafuta mkengeuko sanifu, kisha anahesabu z ya kila mstari. Wastani unatoka 7,980. Mkengeuko sanifu unatoka takriban 11,953. Z ya 42,000 ni 34,020 gawanya kwa 11,953, sawa na 2.85.

Haikufika 3. Kosa la mara kumi, ambalo mtoto angeliona, limepita.

Sasa badilisha 42,000 iwe 420,000, yaani sifuri mbili za ziada. Z inabaki 2.85. Ongeza sifuri nyingine, bado ni 2.85. Sababu ni kwamba namba mbovu imo ndani ya kipimo kinachotumika kuipima. Inavuta wastani uelekee kwake, na inaupanua mkengeuko kwa kasi ile ile inayokwenda nayo mbali. Hili lina kikomo cha kihesabu kisichoepukika: katika kundi la namba n, ukitumia mkengeuko sanifu wa sampuli, z kubwa kabisa inayowezekana ni (n-1) gawanya kwa kipeuo cha pili cha n. Kwa namba 5 kikomo ni 1.79. Kwa namba 10 ni 2.85. Lazima kundi lifike namba 11 ndipo z iweze kuvuka 3, tena kwa kuchungulia tu, 3.02.

Kwa hiyo aliyeweka kizingiti cha 3 kwenye makundi ya mistari minane minane hatapata bendera hata moja ya mstari wenye shaka maisha yake yote, na atadhani ofisi yake haina makosa.

Dawa ni nyepesi: mstari mpya usipimwe na kundi ambalo wenyewe umo. Upime kwa historia iliyokwisha kuhakikiwa. Bei tisa za mwanzo peke yake zina wastani wa 4,200 na mkengeuko sanifu wa takriban 31.2. Toa 4,200 kwenye 42,000, gawanya kwa 31.2, z inazidi 1,200. Kengele inalia bila shaka yoyote. Mengine yote yanayofuata yanajengwa juu ya utengano huu wa karatasi mbili za lahajedwali: `Historia` na `Mpya`.

Hatua ya 1: Toa data na uisafishe

Toa mistari kutoka kwenye mfumo wako wa uhasibu, mstari mmoja wa ankara kwa kila mstari wa lahajedwali. Usitoe jumla za ankara. Ankara yenye mistari kumi na miwili ikiwa na kosa katika mmoja wao, jumla yake inaweza kusogea kidogo tu na ikaonekana ya kawaida.

Kolamu unazohitaji ni msambazaji, namba ya bidhaa, kizio (kipande, boksi, kilo, saa), idadi, bei ya kizio kimoja na jumla ya mstari. Ongeza namba ya ankara, tarehe, na jina la mtumiaji aliyeingiza. Hili la mwisho si kwa ajili ya kumsaka mtu. Makosa mengi ya siku moja kwa mtumiaji mmoja mara nyingi humaanisha kuna ankara ambayo mpangilio wake wa kolamu unamchanganya kila anayeishika.

Kabla ya hesabu yoyote, ondoa vitu ambavyo vitakupa bendera za uongo. Kredi noti zina alama ya kutoa, ziweke kando kwenye karatasi yake. Bei zenye kodi ndani na zisizo na kodi zisikae kolamu moja. Fedha za nchi mbili tofauti zisichanganywe. Angalia pia namba zilizohifadhiwa kama maandishi: kwenye lahajedwali kwa kawaida huegemea kushoto mwa seli, na fomula ya wastani huziruka kimyakimya bila kukuambia.

Halafu fanya ukaguzi mmoja usiohitaji takwimu hata kidogo: idadi mara bei ni sawa na jumla ya mstari? Pale ambapo mfumo unaruhusu namba zote tatu kuandikwa kwa mkono, hii peke yake hunasa makosa mengi, na ni aibu kutumia z kutafuta kitu ambacho kuzidisha kungekionyesha.

Hatua ya 2: Jenga ufunguo wa kundi

Wenzake wa mstari ni mistari ya msambazaji yule yule, bidhaa ile ile, kizio kile kile. Unganisha vitatu hivyo kuwa ufunguo mmoja katika kolamu A. Ikiwa msambazaji yuko B, bidhaa C na kizio D, fomula ni hii:

```
=B2&"|"&C2&"|"&D2
```

Watu huacha kizio, na ndicho kinachowaumiza. Bidhaa inayouzwa kwa kipande na kwa boksi la vipande 24 ikiwekwa kundi moja, bei zake zinagawanyika vilima viwili, mkengeuko unakuwa mkubwa mno, na sifuri ya ziada kwenye bei ya kipande inaangukia karibu na bei ya boksi. Kundi la namna hiyo halinasi chochote. Ukiona mkengeuko wa kundi unazidi nusu ya wastani wake, usiendelee mbele. Fungua mistari yake uone kama kuna vitu viwili vilivyovaa jina moja.

Kinyume chake pia kipo. Ukikata makundi madogo madogo sana, kwa mfano kwa kuongeza tawi na mwezi kwenye ufunguo, kila kundi linabaki na mistari mitatu na hakuna cha kulinganisha. Mimi huanza na hivyo vitatu na siongezi cha nne mpaka data yenyewe inilazimishe.

Hatua ya 3: Safisha historia mara moja, kwa namba ya katikati

Hapa kuna swali la haki: tunapima mistari mipya kwa historia, lakini nani kahakiki historia? Nayo iliingizwa na watu. Kama 42,000 ya mwaka jana imo humo, mkengeuko wa kundi zima umeharibika na makosa mapya yatapita chini yake.

Kwa usafishaji huu wa kwanza, achana na wastani. Tumia namba ya katikati, ile inayobaki katikati ukizipanga bei kutoka ndogo hadi kubwa. Namba moja ya kichaa haiwezi kuihamisha. Katika mfano wetu wa bei kumi, namba ya katikati ni 4,205, hata kama ya mwisho ni 42,000 au 42,000,000. Kisha tafuta umbali wa kila bei kutoka 4,205 bila kujali alama ya kutoa, na uchukue namba ya katikati ya umbali huo. Hapa inatoka 25. Alama iliyorekebishwa ya kila mstari ni hii:

```
=0.6745*(F2-kati)/umbali_kati
```

`kati` na `umbali_kati` ni seli ulizozipa majina hayo. Ile 0.6745 ipo ili jibu lisomeke kwa kipimo kinachofanana na z ya kawaida, na kizingiti kinachotumika sana kwa alama hii ni 3.5. Bei ya 42,000 inapata zaidi ya 1,000. Iliyo mbali zaidi kati ya zile nzuri, 4,150, inapata -1.48. Mpaka kati ya safi na chafu unaonekana kwa macho.

Kwa nini basi tusitumie njia hii siku zote? Unaweza, na wapo wanaofanya hivyo. Tatizo ni kwamba bei nyingi za ankara hurudiarudia. Zaidi ya nusu ya mistari ikiwa na bei ile ile, umbali wa katikati unakuwa sifuri na fomula inagoma. Z ya kawaida juu ya historia safi ni rahisi kumweleza mkaguzi, na haigomi mapema hivyo.

Mistari iliyonaswa katika historia ithibitishe kwa karatasi, irekebishe au iondoe. Usiiondoe kwa sababu tu alama yake ni kubwa. Mingine itakuwa ni manunuzi halali ya dharura.

Hatua ya 4: Hesabu z ya bei kwa mistari mipya

Tuseme katika karatasi zote mbili ufunguo uko A, idadi E, bei F na jumla G. Kwenye karatasi ya `Mpya`, weka:

```
H2: =COUNTIFS(Historia!$A$2:$A$5000, A2)
I2: =AVERAGEIFS(Historia!$F$2:$F$5000, Historia!$A$2:$A$5000, A2)
J2: =STDEV.S(FILTER(Historia!$F$2:$F$5000, Historia!$A$2:$A$5000=A2))
K2: =(F2-I2)/MAX(J2, 0.005*I2)
```

H inakuambia kundi lina mistari mingapi ya historia, I ni wastani, J ni mkengeuko sanifu, K ni z. `FILTER` inapatikana kwenye matoleo ya karibuni ya Excel na kwenye Google Sheets. Kutegemea mipangilio ya kompyuta yako, huenda ukahitaji kuandika nukta mkato mahali pa mkato.

Hiyo `MAX` kwenye mstari wa mwisho inastahili maelezo. Kuna bidhaa ambazo bei yake haisogei kabisa, kama ada ya kila mwezi iliyo kwenye mkataba. Mkengeuko wake ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri kunaleta `#DIV/0!`. Nyingine zinasogea kwa senti tu kwa sababu ya kukadirisha, hivyo tofauti isiyo na maana yoyote inapata z ya 15. Tunaweka sakafu: mkengeuko hauruhusiwi kushuka chini ya nusu ya asilimia moja ya wastani. Kwa mfano wetu sakafu ni 21, chini ya 31.2, kwa hiyo haigusi kitu. Ukiona bendera nyingi za tofauti ndogo ndogo, ipandishe hadi asilimia moja. Lakini jua unacholipa: kila unapoipandisha, makosa madogo yanapata nafasi ya kupita.

Kundi lenye mistari chini ya minane ya historia, mimi siiamini z yake. Mkengeuko uliotokana na bei tatu unaweza kuwa mdogo au mkubwa kwa bahati tu. Mistari hiyo ipeleke kwenye orodha yake, "historia haitoshi", na ilinganishwe moja kwa moja na oda ya manunuzi. Usiiache ipite kwa sababu haikupata bendera. Haikupata kwa kuwa haikupimwa.

Hatua ya 5: Idadi nayo ipimwe, ila kwa logi

Hapa ndipo wengi huacha mlango wazi. Aliyeingiza ankara akiandika idadi 120 badala ya 12, na mfumo ukazidisha wenyewe, bei ya kizio ni sahihi kabisa na idadi mara bei inalingana na jumla. Z ya bei inatoka karibu na sifuri. Fedha zinazotoka ni mara kumi ya zinazostahili.

Idadi lakini haina tabia ya bei. Bei hutulia mahali pamoja, idadi hurukaruka: leo 6, kesho 60. Chukua historia hii ya bidhaa moja: 6, 8, 10, 10, 12, 12, 15, 18, 20, 24, 30, 60. Wastani ni 18.75 na mkengeuko sanifu ni takriban 14.75. Jaribu kupima mistari miwili mipya. Wa kwanza ni oda halali ya 65: z yake ni takriban 3.1, inapewa bendera bila kosa. Wa pili ni idadi ya 10 iliyoandikwa 1 kwa kudondosha sifuri: z yake ni -1.20, inapita salama. Tumemkamata asiye na hatia na kumwachia mwenye hatia.

Chukua logi ya msingi 10 ya kila idadi kwanza, ndipo utafute wastani na mkengeuko. Wastani wa logi unatoka 1.184 na mkengeuko 0.275. Sasa 65, ambayo logi yake ni 1.813, inapata z ya 2.29 na haisumbuliwi. Idadi ya 1, ambayo logi yake ni 0, inapata -4.31 na inanaswa. Na 120 iliyotakiwa kuwa 12? Logi yake ni 2.079, z ni 3.26, imenaswa pia.

Uzuri wa logi kwa kazi hii ni kwamba sifuri ya ziada daima inaongeza 1 kamili, na sifuri iliyodondoka daima inapunguza 1 kamili, iwe bidhaa inanunuliwa kwa vipande vitano au kwa elfu tano. Hapo utaweza kujua mapema uwezo wa kila kundi: gawanya 1 kwa mkengeuko wake wa logi. Kwa kundi letu ni 1 gawanya kwa 0.275, sawa na 3.6. Maana yake sifuri ya ziada kwenye idadi ya kawaida itasogeza z kwa takriban 3.6, kwa hiyo tunaikamata, ila kwa tofauti ndogo. Kundi ambalo jibu lake ni 2 haliwezi kukamata sifuri ya ziada kwa kizingiti cha 3, isipokuwa kwa bahati. Idadi za kundi hilo zinahitaji kulinganishwa na hati ya kupokelea mizigo, takwimu hazitakusaidia.

Kwenye lahajedwali ongeza kolamu ya `=LOG10(E2)` katika karatasi zote mbili, kisha rudia fomula zile zile juu yake. Sakafu ya mkengeuko hapa iwe namba moja tu, kwa mfano 0.05, kwa sababu asilimia ya wastani haina maana kwenye logi.

Hatua ya 6: Chagua kizingiti kwa mikono ya kukagua uliyo nayo

Kitabu cha takwimu kitakuambia kwamba katika mtawanyiko wa kawaida, takriban namba 3 kati ya 1,000 huwa nje ya z ya 3. Bei za ankara hazifuati mtawanyiko huo. Zina mikia mizito: punguzo la msimu, oda ya dharura, ada ya usafiri iliyoingizwa ndani ya bei. Utapata bendera nyingi kuliko hesabu ilivyoahidi.

Anza na 3. Endesha kwa mistari ya mwezi uliopita na uhesabu bendera. Kama ni 30 na mkaguzi anaweza kufungua karatasi 30, kaa hapo. Kama ni 300, usikimbilie kupandisha kizingiti hadi 6. Kwanza tafuta makundi matano yanayotoa bendera nyingi kuliko mengine. Karibu kila mara utakuta shida moja ndani yake, kizio kilichochanganywa au bei iliyobadilika, na ukiitengeneza orodha inapungua sana.

Orodha ya bendera usiipange kwa ukubwa wa z. Ukishavuka kizingiti, z ya 1,200 si mbaya kuliko z ya 57. Inategemea tu kundi lilikuwa tulivu kiasi gani. Ipange kwa fedha zilizo hatarini: tofauti ya bei na wastani, mara idadi. Mstari wa z 4 wenye tofauti ya 900,000 utazamwe kabla ya mstari wa z 200 wenye tofauti ya 350.

Hatua ya 7: Soma kosa lenyewe

Bendera inasema "tazama hapa", haisemi kosa ni nini. Lakini kabla ya kutafuta karatasi, gawanya bei iliyoingizwa kwa wastani wa kundi. Jibu hilo lina lugha yake. Likikaribia 10 au 100, ni sifuri za ziada au nukta ya desimali iliyoruka. Likikaribia 0.1, sifuri imedondoka. Likikaribia 12 au 24 au idadi yoyote ya vipande kwenye boksi, kizio kimekosewa. Likizidi 1 kwa kiwango kile kile cha kodi, bei imeingizwa ikiwa na kodi ndani. Na kama bei inafanana na namba ya ankara au na tarehe, mtu ameandika kwenye kisanduku kisicho chake. Katika mfano wetu 42,000 gawanya kwa 4,200 ni 10 kamili, na mkaguzi anajua anachotafuta kabla hajaifungua ankara.

Tarakimu zilizobadilishana nafasi ni habari nyingine. 4,210 ikiandikwa 2,410, z ni -57, hakuna mjadala. Ikiandikwa 4,120, tofauti ni 90 tu na z ni takriban -2.6. Haivuki 3. Hapa kuna ujanja wa zamani wa wahasibu: tofauti kati ya namba sahihi na namba iliyobadilishwa tarakimu mbili zinazofuatana hugawanyika kwa 9 bila kubaki. 90 gawanya kwa 9 ni 10. Ujanja huu unahitaji namba sahihi ya kulinganishia, kwa hiyo usiutumie dhidi ya wastani wa kundi. Utumie pale jumla ya fungu la ankara ulilokusanya kwa mkono inapotofautiana na jumla ya mfumo: tofauti ikigawanyika kwa 9, tafuta tarakimu zilizobadilishana au sifuri iliyoongezwa, kisha panga mistari ya fungu hilo kwa z na uanze na ile iliyo kati ya 2 na 3, au kati ya -3 na -2. Bendera za daraja la pili zinapata kazi yake hapo.

Bei inapopanda kweli

Msambazaji anapandisha bei kutoka 4,200 hadi 4,620, asilimia kumi, kwa barua na kwa haki. Z ya mstari wa kwanza ni 13. Mkaguzi anaitazama, anaiona barua, anaipitisha. Mpaka hapo ni sawa. Hatari inaanza mstari huo unapoingizwa kwenye historia pamoja na ile tisa ya zamani: mkengeuko unaruka kutoka 31 hadi 136, na kuanzia hapo kosa lolote lililo ndani ya takriban 400 juu au chini ya wastani linapita bila kuguswa.

Kwa hiyo bei ikibadilika kihalali, kata historia ya kundi hilo kwa tarehe ya mabadiliko na uanze upya. Kundi litarudi kwenye orodha ya "historia haitoshi" kwa muda, na mistari yake italinganishwa na barua ya bei mpya. Ni usumbufu, lakini ni bora kuliko kundi lenye usingizi. Bei zinazopanda kidogo kidogo kila mwezi zina dawa nyingine: tumia mistari 12 ya mwisho tu badala ya historia ya miaka mitatu.

Mstari wenye bendera usiingie kwenye historia mpaka uthibitishwe, na ukiwa ulikuwa na kosa, iingie namba iliyorekebishwa. Weka pia kolamu ya matokeo kwa kila bendera: kosa la kuingiza, bei mpya, kizio, oda ya dharura. Baada ya miezi michache kolamu hiyo itakuonyesha makundi ambayo kizingiti chake kishushwe hadi 2.5 na yale ambayo hayafai kupimwa kwa z kabisa.

Yatakayopita hata ukifanya yote haya

Ankara ile ile ikiingizwa mara mbili, z yake ni karibu sifuri mara zote mbili. Bei ni sahihi, idadi ni sahihi. Inanaswa kwa kutafuta marudio ya msambazaji, namba ya ankara na kiasi. Mstari sahihi uliowekwa kwenye akaunti isiyo yake hautaonekana, maana z haijui akaunti. Na bei iliyokosewa tangu ankara ya kwanza, ikaendelea kunakiliwa kila mwezi, ndiyo iliyokuwa wastani wenyewe. Siku mtu mmoja atakapoiandika kwa usahihi, mstari wake ndio utakaopewa bendera. Kwa hiyo mkaguzi anapofungua bendera, alinganishe na mkataba, asiishie kulinganisha na ankara za nyuma.